Kujiamini: Moja

Kwenye droo yangu ya chini kuna fomu moja ya usaili ambayo kwa taratibu ilitakiwa iwe kwenye jalada, na kwa akili zangu ilitakiwa iwe imechomwa zamani. Haiko kwenye jalada na haijachomwa. Ina jina la Atuganile, ina vigezo vitano, na kwenye mstari wa mwisho, kwa mwandiko wangu mwenyewe, imeandikwa: Kujiamini, moja.

Mimi ni Hasina, afisa utumishi wa ushirika wa maziwa hapa Tukuyu. Babu yangu alikuja na vitambaa vyake kutoka Kilwa, akaoa hapa, akazikwa hapa. Nimezaliwa kwenye mvua hii, nimesoma na watoto wa hapa, na sokoni nabishana bei kwa Kinyakyusa. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba kisingizio cha ugeni sina.

Miaka miwili iliyopita tulitangaza nafasi ya mpokeaji maziwa wa kituo cha Isongole. Mpokeaji ndiye anayesimama asubuhi mbele ya wafugaji na madumu yao, anapima, anapokea au anakataa. Watu tisa waliitwa kwenye usaili wa mchujo. Watatu wa juu wangeingia kwenye orodha fupi, waende kituoni wakapime maziwa mbele ya bodi, na mmoja wao apate kazi. Wasaili tulikuwa watatu: mwenyekiti wetu Mzee Jacob; bwana mifugo Nelson, kijana wa Kyimo aliyekulia Mbeya mjini; na mimi. Veronika, katibu muhtasi, alikaa pembeni akiandika majibu neno kwa neno.

Atuganile aliingia wa sita. Alikuwa mjane wa miaka thelathini na kidogo, amevaa kitenge kilichopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Mlangoni alitutazama mara moja tu. Kisha akavuta mtandio ukamfunika upande wa uso, akakigeuza kiti, akakaa ubavu akielekea dirisha. Maswali yote aliyajibu akiwa amelielekea dirisha, kwa sauti ambayo Veronika alilazimika kusogeza kiti ili aisikie.

"Mama, tutazame sisi," nilimwambia.

"Nawasikia, dada," alijibu, na hakugeuka.

Nilikasirika, sikatai. Tangu asubuhi nilikuwa sijanywa hata chai, na huyu ananionyesha sikio. Fomu yetu ya siku hizo ilikuwa na vigezo vitano, elimu, uzoefu, ujuzi wa kazi, mawasiliano na kujiamini, kila kimoja alama moja hadi tano. Moja ni nini na tano ni nini, haikusema. Tuliona hayo ni mambo ya mtu mzima kujua mwenyewe. Kwa Nelson, kujiamini kulikuwa kumtazama mtu machoni. Kwangu mimi kulikuwa sauti. Kwa Mzee Jacob sikujua kulikuwa nini, maana yeye muda wote ule aliinamia karatasi yake na hakuuliza swali hata moja.

Kwenye ujuzi wa kazi alitushinda hata sisi. Lakini kwenye mawasiliano na kujiamini nilimpa mbili na moja, Nelson tatu na mbili, Mzee Jacob moja na moja. Tulipojumlisha alikuwa wa nne. Wa tatu alimzidi alama mbili. Tukamshukuru kwa barua ya mistari minne, na kazi akaja kuipata Obed, kijana mwenye sauti ya mnada, ambaye alipokea maziwa kwa kuyatazama usoni kama anavyotazama watu. Baada ya miezi minne tangi zima lilichacha, naye akaacha kazi kwa simu.

Atuganile alikwenda Chunya kupikia wachimbaji. Baada ya miezi saba alirudishwa ndani ya sanduku. Walisema ni malaria iliyopanda kichwani. Aliacha binti wa miaka tisa kwa wakwe zake.

Sikwenda msibani. Ningekwenda niseme mimi ni nani?

Tangu hapo chumba cha usaili kimeniharibikia. Sisemi naona mzimu. Mimi naswali, najua mtu akifa amekufa. Lakini kila msailiwa anayeketi pale, kabla hajafungua mdomo, nauona ubavu wa mtu mwingine nyuma yake, mtandio umevutwa, uso uko dirishani. Nikisoma barua za maombi peke yangu saa nne asubuhi, nasikia ile "Nawasikia, dada", ya chini kabisa. Nilimwagiza Veronika afunge pazia. Veronika akasema ushirika hauna pazia. Nikahamisha meza. Dirisha likahama nayo, au niseme nililihamisha mimi mwenyewe kichwani.

Mwaka huu nafasi ya Isongole ikawa wazi tena, na safari hii bodi ilikuwa na ukali. Mwombaji mmoja wa kazi nyingine aliyechujwa alikuwa ameandika barua akiuliza swali fupi: nilikosa nini? Tuliitafuta sababu kwenye fomu zake tukakuta tarakimu tupu. Bodi ikasema alama isiyoweza kuelezwa isitolewe tena. Nikapewa wiki mbili niandike mwongozo.

Niliuandika kama mtu anayeandika wosia. Kigezo cha kujiamini nilikifuta. Nilijiuliza mpokeaji maziwa anafanya nini kituoni, na kila kigezo nikakitoa kwenye kazi yenyewe. Kimoja kilikuwa kumweleza mfugaji kwa nini maziwa yake yamekataliwa. Chini yake nikaandika maelezo ya alama. Moja: anasema tu maziwa ni mabaya, hataji kipimo. Tatu: anataja kipimo kimoja na kueleza kinavyofanywa. Tano: anataja vipimo viwili au zaidi kwa mpangilio, anasema atamwonyeshaje mfugaji matokeo, na ataandika nini kwenye kitabu. Mbili na nne ni kwa aliye katikati. Mwisho nikaongeza kwa herufi nzito: sauti, macho, mavazi na mkao havihesabiwi.

Na taratibu nazo. Maswali yale yale kwa kila mtu, kwa mpangilio ule ule. Kila msaili anaandika alama peke yake kabla ya mazungumzo, na pembeni ya alama anaandika sababu, yaani maneno aliyoyasikia, si hisia zake. Wasaili wakipishana kwa zaidi ya alama moja, kila mmoja anasoma sababu yake, wanarudi kwenye majibu yaliyoandikwa, na anayebadilisha anaandika kwa nini. Majina ya waombaji wote yanasomwa kabla ya usaili, na mwenye undugu anatamka na kukaa kando kwa huyo.

Ilibaki kuujaribu. Kipimo kipya huanzi kukitumia kwa dumu la mteja. Nikamwambia Veronika tuchukue majibu matatu ya usaili wa zamani, tuyachape upya bila majina, tuyaite A, B na C, wasaili tuyape alama tuone kama mwongozo unatusomesha kitu kimoja. La A nililitoa juu ya rundo. La C nililitoa chini. La B, nisidanganye, nililichagua. Nilitaka kujua. Nilitaka karatasi iniambie kwamba hata kwa mwongozo mzuri yule mama asingepita, ili niweze kulitazama lile dirisha kama watu wengine wanavyotazama dirisha.

Tulikutana Jumanne asubuhi, mvua ikiwa imekatika na ukungu umelala juu ya migomba ya nyuma ya ofisi. Majibu ya A tuliyapa wote tatu. Tukaja B. Nilisoma kwa macho maneno ambayo nilikuwepo yalipotamkwa na sikuyasikia.

Swali lilikuwa: mfugaji analeta maziwa yaliyoharibika na anabisha, utafanya nini? Jibu: "Kwanza nanusa na kuyaangalia. Nachukua kidogo nachanganya na spiriti kiasi kile kile, natikisa. Yakiganda vipunje ukingoni siyapokei. Naweka na laktomita nijue kama yana maji. Halafu namwita pembeni nimwonyeshe mwenyewe kwenye kikombe, aone. Simwambii mbele za watu. Naandika jina, saa na kipimo, namsomea. Sitamkatalia mtu bila kumwonyesha, maana atarudi nyumbani na dumu na ataulizwa."

Niliandika tano. Mkono ulikuwa mzito, lakini maelezo ya alama yalikuwa mbele yangu na hayakuniachia pa kukimbilia. Vipimo viwili kwa mpangilio, vipo. Kumwonyesha, ipo. Kuandika, ipo.

Tulipofunua karatasi, Nelson alikuwa na tano. Mzee Jacob alikuwa na tano. Kigezo cha pili, tano, tano, nne. Cha tatu vivyo hivyo.

"Sasa huyu B yuko wapi?" Nelson aliuliza, amefurahi. "Tumpigie simu aombe. Huyu ndiye tunamtafuta."

Veronika aliweka kalamu chini.

"Ni Atuganile," nilisema. "Yule aliyekaa ubavu."

Nelson alikuwa anajua habari za Chunya, kama kila mtu. Niligeuka kwa Mzee Jacob nikitegemea nione mshangao wangu usoni kwake, nikakuta hana mshangao. Ana miaka sitini na nane na siku zote huketi wima kama mzee wa kanisa alivyo. Siku hiyo alikuwa ameinamia karatasi, vile vile kama miaka miwili nyuma.

"Nilimtambua kwenye mstari wa kwanza," alisema. "Na siku ile nilimtambua alipofika mlangoni. Ni mkamwana wangu."

Niliigeuza karatasi ya B kifudifudi.

"Mume wake alikuwa mtoto wa kaka yangu. Kwetu baba mkwe si mmoja, Hasina mwanangu. Ndugu za baba mkwe wote ni wakwe. Mkamwana hatazamani na mkwe wake, hakai naye chumba kimoja, jina lake halitamki. Siku hizi vijana wengi wameacha. Yeye alikuwa amelelewa na bibi yake, alishika mila fijo, sana kabisa. Angeweza kugeuka arudi nyumbani. Alikaa, kwa sababu aliitaka ile kazi."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Nimeona mara ngapi, njia ya kwenda Kyimo, mwanamke na mzigo wake kichwani anaiacha njia na kuingia migombani mpaka mzee fulani apite? Nimeona tangu mtoto. Nilikuwa na macho, nikahitaji kuambiwa.

"Kwa nini hukusema?" niliuliza. "Neno moja. Ungesema 'huyu ni mtu wangu', ukatoka nje dakika kumi."

"Nikitoka, mngeuliza. Nikisema, mngesema mwenyekiti ameleta mkamwana wake ushirikani. Nilikuwa na mwaka mmoja kwenye kiti, maneno yalikuwa mengi."

"Na ile moja? Mawasiliano moja, kujiamini moja. Mimi sikujua. Wewe ulijua kwa nini amekaa vile."

Nje mtu alikuwa anasuuza madumu, yanagongana.

"Nilimpa moja ili nisionekane nambeba," alisema Mzee Jacob. "Nilisema moyoni, ninyi wawili mtampa zile nzuri, atapita tu. Yangu iwe ya kuonyesha sina upendeleo. Mlipojumlisha akawa wa nne nilikuwa nimeshachelewa kusema."

Nelson alisema taratibu, "Mbili tu, mzee. Alizidiwa mbili."

"Najua zilikuwa ngapi," Mzee Jacob alijibu. "Kaburi lake liko mita hamsini kutoka kwangu."

Nilitaka kumchukia, na kwa siku nzima nilifanikiwa. Nilipofika nyumbani nikagundua kwamba hesabu yake na yangu ni moja. Yeye alitegemea sisi tutarekebisha, sisi tulimwona mzee amempa moja tukajiona tumepatia. Kila mtu alimwachia mwenzake. Na karatasi ilituruhusu wote watatu, maana haikuuliza mtu yeyote sababu.

Wiki iliyofuata Veronika alisoma majina ya waombaji kumi na mmoja walioitwa kwenye mchujo. Alipofika jina la saba, Alinanuswe, Mzee Jacob alinyanyua mkono kabla hajamaliza. "Mkamwana wangu," alisema. "Mke wa mdogo wake yule mtoto wa kaka yangu aliyefariki. Andika." Akasaini fomu ya kutamka undugu, herufi zake kubwa kubwa, na kwa kuwa angeweza kuharibu ulinganisho akikaa kwa wengine na kukosa kwa mmoja, alijitoa usaili mzima. Bodi ikamleta mjumbe mwingine kutoka Isongole, na huyo naye tukamfundisha mwongozo kwa A, B na C. Kwa B aliandika tano. Akauliza yuko wapi. Nikamwambia amefariki, akasema pole, akafungua ukurasa.

Nitasema ukweli wangu hapa, hata kama unanivua nguo. Nilitaka Alinanuswe apite. Nilitaka nilipe kwa mtu wa nyumba ile ile, nilale. Aliingia, akatutazama sisi watatu mmoja mmoja, akaketi uso kwa uso, akaongea kwa sauti safi kabisa. Kwa fomu ya zamani ningempa tano ya mawasiliano na tano ya kujiamini kabla hajafika kwenye maziwa. Alipofika kwenye maziwa alitaja spiriti, akaeleza vizuri inavyochanganywa, akaishia hapo. Kumwonyesha mfugaji hakusema. Kuandika hakusema. Kalamu yangu ilizunguka juu ya nne muda mrefu kuliko anavyoruhusiwa mtu mwenye aibu. Kisha nikasoma tena: tatu, anataja kipimo kimoja na kueleza kinavyofanywa. Nikaandika tatu, na pembeni nikaandika maneno yake. Wenzangu walikuwa na tatu na tatu. Mwisho wa siku alikuwa wa tano. Orodha fupi ilikwenda bila yeye.

Siku tatu baadaye alikuja ofisini kuuliza, kama barua yetu mpya inavyosema kila msailiwa anaruhusiwa. Nilimkalisha, nikaweka fomu mezani, nikamsomea kigezo, maelezo ya alama, na maneno yake. Hakubisha. Alifuata kwa kidole, akatikisa kichwa kidogo alipoona mahali alipoishia.

"Ndaga, asante," alisema. "Nimeelewa. Nikirudi nyumbani wakiniuliza nitawajibu."

Nilidhani ataondoka. Hakuondoka.

"Na dada Atuganile?" alisema. "Yeye alikosa nini?"

Nilimwambia, kwa sauti ya ofisi, kwamba utaratibu unasema anayeuliza ni msailiwa mwenyewe.

"Hawezi kuja, dada. Binti yake amefika darasa la tano sasa. Shuleni wanamwambia mama yako alishindwa usaili ndiyo maana akaenda kufia Chunya. Ananiuliza mimi alishindwa wapi. Mimi namwambia sijui."

Nilifungua droo ya chini. Karatasi ilikuwa pale, mahali pake. Niliiweka mezani, juu ya ile fomu yake nzuri yenye sababu, na nikaona nitakachosoma: elimu, nne, uzoefu, tano, ujuzi wa kazi, tano, mawasiliano, mbili, kujiamini, moja. Baada ya hapo palikuwa peupe.

"Soma," Alinanuswe alisema. "Nikamwambie mtoto."

Nilianza. Elimu nilisoma, uzoefu nilisoma, ujuzi nilisoma. Nilipofika kwenye mstari wa mwisho nilihisi uso unawaka, na macho hayakukubali kubaki kwa yule mama aliyeketi mbele yangu. Kiti changu kikazunguka chenyewe au mimi nilikizungusha. Nikajikuta nimeketi ubavu, mtandio wangu nimeushika shavuni, nalitazama dirisha na migomba na ukungu wake, na sauti iliyonitoka ilikuwa ya chini mno, ya mtu anayejua jibu na hawezi kuliinulia uso.

"Hakukosa kitu," nilisema. "Mwambie mtoto kwamba mama yake hakukosa kitu. Kosa lilikuwa kwetu, na nitaliandika na kusaini, aende nalo shuleni."

Alinanuswe alisogeza kiti chake karibu ili anisikie. Hakuniambia nimtazame.